Muhogo wenye sumu, muhogo wenye dawa: jumbe mbili kuhusu kitu kimoja

Katika kundi la wasapu la ukoo wetu zilipita jumbe mbili, zikiwa zimepishana kwa wiki tatu hivi, na zote zilihusu muhogo. Wa kwanza ulikuwa ujumbe wa sauti ulioletwa na mama yangu mdogo anayeishi Ukerewe. Msemaji, ambaye hakujitaja jina, alisema kwa sauti ya mtu aliyetoka mbio kwamba muhogo una sianidi, sumu ileile inayotumiwa migodini kuchenjulia dhahabu, kwamba watoto wanakufa nayo bila wazazi kujua, na kwamba yeyote anayempenda mwanawe auondoe muhogo nyumbani siku hiyohiyo. Wa pili uliletwa na binamu yangu wa Dar es Salaam. Ulikuwa picha ya mihogo myeupe iliyomenywa, na chini yake maandishi yaliyosema kwamba muhogo umejaa vitamini B17, kwamba vitamini hiyo huua seli za saratani, kwamba wenye viwanda vya dawa wanaificha kwa sababu hawawezi kuiuza, na kwamba haiwezi kumdhuru mtu kwa kuwa ni ya asili, imetoka ardhini moja kwa moja.

Jumbe zote mbili zilipokewa kwa shukrani, na baadhi ya walioshukuru walikuwa watu walewale. Mimi nilifundisha kemia katika shule ya sekondari kwa miaka kadhaa, nami nilikaa nikizitazama kwa muda kabla ya kuandika chochote, kwa sababu niliona jambo ambalo, kwa dalili zote, hakuna aliyeliona: jumbe hizo mbili zilikuwa zinazungumzia kitu kimoja. Hicho kinachouzwa kwa jina la vitamini B17 hudaiwa kuua saratani kwa kutoa sianidi. Mmoja alikuwa anatuambia tuikimbie na mwingine anatuambia tuifuate, na hakuna kati yao aliyetuambia ni kiasi gani kimo katika muhogo upi, uliotengenezwa kwa njia ipi. Mmoja aliweka hofu mahali ambapo jibu la swali hilo lilipaswa kukaa, na mwingine akaweka neno “asili”.

Nianze na lile la asili, kwa kuwa ndilo linaloingia akilini mwa watu wetu kwa urahisi zaidi. Hoja yenyewe ikivuliwa mapambo husema hivi: kitu hiki hakikutengenezwa kiwandani, kwa hiyo ni salama. Kati ya sehemu hizo mbili pana daraja lisiloonekana, nalo ni dhana kwamba mimea, mito na ardhi vimepangwa kwa ajili ya afya yetu. Muhogo ni mmea unaolivunja daraja hilo vizuri kuliko mwingine wowote ninaoujua, kwa sababu sumu yake haikuingizwa na mtu yeyote. Haikutokana na mbolea wala dawa ya kupulizia. Mmea wenyewe huitengeneza, na inaelekea huitengeneza kwa manufaa yake, ili usiliwe. Wakulima wanalijua hilo, na ndiyo maana katika sehemu nyingi wameendelea kupanda mihogo michungu ijapokuwa mitamu ipo: nguruwe pori na nyani hawaishambulii sana, na mwizi wa usiku hawezi kuing'oa na kuitafuna papo hapo.

Kwa wale wanaosema muhogo ni chakula chetu cha asili tangu mababu, niongeze kwa pembeni kwamba mmea huu asili yake ni Amerika ya Kusini, na uliletwa Afrika na Wareno. Watu wa bonde la Amazoni walikuwa wamejifunza kwa muda mrefu sana jinsi ya kuukuna, kuukamua na kuukausha. Mmea ulivuka bahari, na huku kwetu kila jamii ikalazimika kubuni namna yake ya kuufanya ulike.

Sasa tuutazame muhogo ndani. Muhogo mbichi haujabeba sianidi iliyo huru, bali una kitu kinachoitwa linamarini, ambacho ni sukari iliyofungamana na sianidi. Kikiwa katika hali hiyo kimetulia. Katika seli za muhogo huohuo, lakini katika chumba kingine kilichotengwa na kuta, kimo kimeng'enya kiitwacho linamarasi, ambacho kazi yake ni kukivunja kifungo hicho. Muda wote muhogo ukiwa mzima, hivi viwili havikutani. Meno ya mnyama yanapouponda, kuta hupasuka, kimeng'enya huifikia linamarini, na baada ya hatua moja ya kati sianidi huachiliwa. Ni mtego uliowekwa tayari, na unamsubiri mlaji ndiye autegue.

Lakini mtego huohuo ndio unaotuwezesha kuula muhogo. Sianidi iliyoachiliwa haikai. Huchemka na kuwa gesi katika nyuzijoto 26 tu, na pia huyeyuka majini. Kwa hiyo siri yote ya kutengeneza muhogo ni kuutegua mtego kabla ya kula, badala ya kuutegulia tumboni. Mama yangu, ambaye hajawahi kulisikia neno linamarini mpaka mimi nilipolileta nyumbani, huimenya mihogo, huiloweka majini kwa siku tatu au nne mpaka ilainike kiasi cha kuvunjika kwa vidole, huikamua, huitoa nyuzi za katikati, kisha huivunjavunja na kuianika juani. Huko kwetu Kanda ya Ziwa muhogo uliochachushwa namna hii huitwa udaga. Katika siku hizo za majini, vijidudu vinavyochachusha huzilainisha kuta za seli, kimeng'enya hukutana na linamarini, sianidi huachiliwa na kuondoka pamoja na maji au hewani. Muhogo uliolowekwa ipasavyo na kukaushwa hubaki na sehemu ndogo sana ya sumu uliyoanza nayo.

Hapa ndipo penye jambo linalowashangaza hata walimu wenzangu. Mtu anayeimenya mihogo michungu na kuianika moja kwa moja juani kuwa makopa, bila kuiloweka, huona amefanya kazi safi zaidi: hakuna harufu ya kuvunda, kipande ni cheupe, jua ni kali. Kumbe ukaushaji wa haraka huondoa sumu kidogo kuliko ule wa polepole, kwa sababu kimeng'enya kinahitaji unyevu ili kifanye kazi, na kipande kikikauka upesi kazi hiyo husimama ikiwa nusu, huku linamarini iliyobaki ikiwa imefungiwa ndani. Kuchemsha nako kuna mtego wake. Ukivitumbukiza vipande vikubwa katika maji yanayotokota, joto hukiharibu kimeng'enya kabla hakijamaliza kazi, na kinachoondoka ni kile tu kilichochujika kuingia majini. Kwa mihogo mitamu hilo halina shida, kwa kuwa kilichomo tangu mwanzo ni kidogo. Kwa mihogo michungu halitoshi. Kisamvu nacho tunakitwanga kinuni kwanza na kukichemsha baadaye, na mpangilio huo si wa ladha peke yake. Majani ya muhogo huwa na linamarini nyingi, na mchi ndio unaozivunja kuta ili mtego uteguke kabla ya chungu.

Kwa hiyo mwenye kusema “ni asili” hajatueleza chochote tunachokihitaji. Muhogo mchungu ulioliwa bila kutengenezwa ni wa asili kabisa, na udaga wa mama yangu umepitia siku kadhaa za kazi ya mikono. Ukivipima vyakula hivyo viwili kwa kigezo cha uasili, cha kwanza kingeshinda.

Tuje kwenye vitamini B17. Jina hilo ni la biashara zaidi kuliko la sayansi. Vitamini ni kitu ambacho mwili unakihitaji kwa kiasi kidogo na ambacho kikikosekana mtu huugua. Asiyepata vitamini C hupata kiseyeye. Hakuna ugonjwa wowote unaojulikana wa mtu kukosa “B17”. Kitu chenyewe ni amigdalini, kinachopatikana katika kokwa chungu za matunda kama aprikoti na lozi chungu, na umbo lake lililotengenezwa ili kuuzwa kama dawa liliitwa laetrili. Mtu aliyeipa jina la vitamini alikuwa Mmarekani, Ernst Krebs mdogo. Tena muhogo haujulikani kwa amigdalini bali kwa linamarini, kwa hiyo hata wakitaka kuuza hadithi hiyo wamekosea mmea. Kinachoviunganisha vitu hivyo viwili ni kwamba vyote hutoa sianidi.

Laetrili haikufichwa na mtu. Ilijaribiwa hadharani. Katika miaka ya 1970 Wamarekani wengi waliitumia na kuidai kwa nguvu kubwa ya kisiasa, mpaka ukafanywa uchunguzi kwa wagonjwa wa saratani 178 katika Kliniki ya Mayo na vituo vingine vya saratani, matokeo yakachapishwa mwaka 1982. Wagonjwa walipewa dawa hiyo kwa namna ileile iliyopendekezwa na watetezi wake, pamoja na mlo na vitamini walivyovisisitiza. Hakuna aliyepona. Hakukuwa na dalili ya maana kwamba ugonjwa ulisimama, wala kwamba maisha yalirefuka. Baadhi ya wagonjwa walionyesha dalili za sumu ya sianidi, na kwa wachache kiasi kilichopimwa katika damu kilikaribia kile cha hatari. Nikimweleza binamu yangu haya yote kwa simu, aliniuliza swali moja zuri: “Lakini kaka, kama ingekuwa ya kiwandani, si ungeiamini?” Nilimjibu kwamba ilikuwa ya kiwandani, laetrili ilitengenezwa, na sikuiamini kwa sababu ileile. Chembe ya sianidi iliyotoka katika kokwa na ile iliyotoka katika pipa la mgodini hazitofautiani kwa lolote. Ni atomu moja ya kaboni na moja ya naitrojeni, na hazina kumbukumbu ya mahali zilipozaliwa.

Sentensi hiyo ya mwisho, hata hivyo, ilinirudishia ule ujumbe wa kwanza. Msemaji wa sauti ya mbio alisema sianidi ya muhogo ni ileile ya migodini, na katika hilo alikuwa anasema kweli. Ndiyo sababu hoja ya hofu ni ngumu kuishughulikia kuliko ya asili. Mara nyingi inakuwa na kipande cha ukweli ndani yake, na kazi ya hofu ni kutufanya tukimeze kipande hicho pamoja na yote yaliyofungwa nacho, bila kutafuna.

Ni lazima nitofautishe mambo mawili hapa, kwa sababu nimeona watu wakiyachanganya kwa upande wa pili, wakidhani kwamba kila onyo linalotisha ni uongo kwa kuwa linatisha. Hofu inaweza kuwa sababu halali ya kwenda kuangalia. Nikiambiwa pana nyoka chini ya kitanda cha mtoto, sitasubiri ushahidi ndipo niiname. Lakini kuinama ni kuangalia, na kuangalia ndiko kutakakoniambia kama nyoka yupo. Ukubwa wa hatari hunieleza niharakishe vipi, haunielezi kama hatari yenyewe ipo, na kwa muhogo hauwezi kunieleza kama unga uliomo katika debe la mama yangu mdogo una miligramu tano au mia.

Tufanye hesabu basi, kwa kuwa hapa ndipo jumbe zote mbili zilipokaa kimya. Kiwango kinachokubalika kimataifa kwa unga wa muhogo ni miligramu 10 za sianidi kwa kila kilo ya unga. Kiasi cha sianidi kinachoweza kumuua mtu kikiingia kwa mdomo kinakadiriwa kuwa kati ya miligramu 0.5 na 3.5 kwa kila kilo ya uzito wa mwili. Mchukue mtu mzima wa kilo 60: hatari ya kifo kwake inaanzia kwenye miligramu 30 hivi zikiingia kwa pamoja. Akila nusu kilo ya unga uliofikia kiwango kinachokubalika, jambo ambalo ni la kawaida kwa mtu wa ugali wa muhogo kwa siku nzima, atakuwa ameingiza miligramu 5, zilizogawanyika katika milo miwili, na mwili wake una uwezo wa kuzishughulikia. Kwa unga huo, ujumbe wa sauti ulikuwa unatisha watu bure.

Sasa mchukue mtu huyohuyo na unga mwingine. Mwezi Septemba mwaka 2017, katika wilaya ya Kasese magharibi mwa Uganda, watu 98 waliugua na wawili wakafariki. Walioshughulikia tukio hilo waliufuatilia ugonjwa mpaka kwenye ugali wa muhogo, wakaupima unga, na wakakuta wastani wa miligramu 88 kwa kilo. Nusu kilo ya unga huo ina miligramu 44. Mtoto wa kilo 15, ambaye kwake hatari inaanzia kwenye miligramu 7.5, akila chakula kilichotokana na gramu 150 tu za unga huo atakuwa amepata miligramu 13. Si sianidi yote iliyomo katika unga itakayoachiliwa tumboni, na ndiyo maana wengi waliougua walipona; lakini hesabu inaonyesha kwa nini waliugua. Kwa unga huo, ujumbe wa sauti ungekuwa na haki ya kupiga kelele. Maneno ni yaleyale, sauti ni ileile, na ukweli wake unageuka kutegemea namba ambayo msemaji hakuitaja.

Kuna madhara mengine ambayo hayaji kwa kishindo namna hiyo, nayo ndiyo yaliyonifanya niliandike jambo hili kwa urefu. Mwaka 1938 daktari aitwaye Trolli alieleza ugonjwa wa miguu katika eneo la Kwango, Kongo, ambao wenyeji wa huko, Wayaka, waliuita konzo, yaani miguu iliyofungwa. Mtu mwenye afya, mara nyingi mtoto au mwanamke aliye katika umri wa kuzaa, huamka au husimama baada ya kazi na kukuta miguu yake imekakamaa. Ulemavu huo huja kwa ghafla, hauendelei kuzidi baada ya hapo, na hauponi. Mwaka 1981 ulizuka Nampula, kaskazini mwa Msumbiji, watu zaidi ya elfu moja wakaathirika, na huko ukaitwa mantakassa. Mwaka 1985 ulifika karibu na kwetu, Tarime, mkoani Mara, ambako wagonjwa 39 walichunguzwa.

Kinachojirudia katika matukio hayo ni ukame au njaa, au vita. Ukame huifanya mihogo yenyewe iongeze sumu. Ukame huohuo huua mazao mengine, ukabaki muhogo mchungu peke yake. Maji ya kulowekea hupungua. Na mwenye njaa hana miiko: siku nne za kuloweka hugeuka kuwa mbili, mbili hugeuka kuwa moja, kwa sababu watoto wanalia leo. Halafu kinakosekana kitoweo, na hapa kemia ya mwili inaingia. Mwili huibadilisha sianidi kuwa kitu kisicho na ukali mkubwa na kukitoa kwa mkojo, lakini ili kufanya hivyo unahitaji salfa, na salfa hiyo hutoka katika protini kama ya samaki, nyama na maharage. Anayekula ugali wa muhogo kwa dagaa, kama tulivyokula sisi tulipokuwa wadogo, anaingiza katika mlo huohuo sehemu ya kinga yake. Anayeula kwa majani matupu kwa wiki kadhaa mfululizo hana cha kuibadilishia sianidi yote.

Nimelieleza hili kwa sababu linaonyesha udhaifu wa hofu kama kipimo. Hofu ilielekezwa kwenye muhogo wenyewe, na tiba iliyopendekezwa ilikuwa kuuondoa muhogo. Lakini familia ya Tarime ya mwaka 1985 ingeuondoa muhogo ingekula nini? Kilichowalemaza kilikuwa mchanganyiko wa ukame, siku zilizopunguzwa na sahani isiyo na kitoweo, na hakuna hata kimoja kati ya hivyo kilichotajwa na sauti ile. Ukiitii hofu hiyo katika mwaka wa neema, unatupa chakula kizuri. Ukiitii katika mwaka wa njaa, huna namna ya kuitii. Nayo hoja ya asili ingewaambia watu wale waendelee tu, kwa kuwa jua na ardhi havimdhuru mtu.

Basi mtu atajuaje? Kuna kipimo rahisi cha karatasi ambacho watafiti wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Australia wakiongozwa na Howard Bradbury walikisambaza. Karatasi iliyotiwa asidi ya pikriki huwa ya njano. Huning'inizwa ndani ya kichupa kilichofungwa pamoja na unga kidogo, maji na kimeng'enya, ikaachwa usiku kucha, nayo hugeuka kuelekea kahawia kadiri sianidi inavyokuwa nyingi. Rangi hulinganishwa na kielelezo, ukapata namba. Mtu wa kawaida hana karatasi hiyo jikoni, nakubali. Ulimi husaidia kwa kiasi, kwa maana uchungu na sumu mara nyingi huenda pamoja, lakini si kila mara, na unga uliokwisha kuchanganywa na mwingine sokoni huuficha uchungu.

Watafiti haohao walipendekeza njia ya kupunguza sumu iliyobaki katika unga, nayo haihitaji kifaa chochote. Unga huwekwa ndani ya beseni na kutiwa alama palipofikia. Maji huongezwa kidogo kidogo huku ukikorogwa. Unga hushuka kwanza, kisha hupanda, na ukirudi kwenye alama maji yametosha. Halafu hutandazwa juu ya mkeka kwa tabaka jembamba lisilozidi sentimita moja na kuachwa saa mbili juani au saa tano kivulini, na hupikwa siku hiyohiyo. Kimeng'enya kilichobaki katika unga hupata unyevu kilioukosa wakati wa kukaushwa, kikaimalizia kazi yake, na gesi huondoka hewani. Sumu iliyokuwamo hupungua mpaka theluthi au chini ya hapo. Njia hii si mbadala wa kuloweka; ni ya kuongezea, hasa kwa unga ambao hukuutengeneza mwenyewe.

Nilimpigia mama mdogo jioni moja baada ya kuyapanga haya kichwani. Nilikuwa nimejiandaa kwa hotuba, lakini alinikata mapema.

“Mwanangu, mimi nataka kujua kitu kimoja. Nile au nisile?”

“Udaga wako mwenyewe, ulioloweka mwenyewe, kula, mama.”

“Siku hizi sitengenezi. Magoti. Nanunua unga sokoni.”

“Waliutengeneza vipi?”

Akanyamaza kidogo. “Sikuuliza.”

Kesho yake alikwenda kumuuliza muuzaji. Muuzaji hakujua pia. Alikuwa ameununua kwa mchuuzi aliyeshusha magunia gatini, na mchuuzi alikwisha kuondoka na boti. Alichoweza kusema ni kwamba unga huo ulikuwa mweupe sana na hauna harufu, jambo ambalo wateja wake wa mjini walilipenda. Mama mdogo, aliyekulia katika harufu ya udaga, hakulipenda. Alirudi nyumbani na debe lake, akatia alama kwenye beseni kwa mkaa, na mchana akanitumia picha ya unga uliotandazwa juu ya mkeka uani, na pembeni yake kuku mmoja akiwa amefungwa mguu asije akauparua.